Alfajiri ya Pasaka, makaburini

Leo kabla jua halijachomoza tulikuwa makaburini, sisi Wamoraviani, kama wenzetu wa Herrnhut, Ujerumani, walivyoanza mwaka 1732.

Kwaya iliimba wimbo mpya wa mwalimu wetu. Ubeti wa kwanza ni msalaba: besi peke yao, polepole, bila ngoma.

"Misumari imeishika mikono iliyotushika."

Ubeti wa pili, wanawake wako njiani na manukato. Wanaulizana, kama katika Marko 16, nani atawaviringishia jiwe.

Hapo mwalimu hakuandika jibu. Aliandika kimya, mapigo manne.

Jamani, kile kimya! Mama mmoja aliyesimama kando ya kaburi la mwanawe, nilimsikia akivuta pumzi.

Ndipo sauti ya kwanza ikapanda: "Jiwe limekwisha kuondolewa!"

Ngoma ikaingia. Tuni ni ileile ya msalaba, ila sasa inakimbia, na sauti zote nne zimo. Nampongeza mwalimu kwa kutotunga tuni nyingine ya furaha. Waliolia Ijumaa ndio haohao waliokwenda kaburini.

Kwaya yenu je, inavukaje kutoka msalabani hadi kaburi wazi? Niandikieni hapa chini.