Tani 2,000 zisizo na mwenyewe

Msimu wa 2018/2019 nilikuwa mchambuzi wa takwimu katika kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiagiza mbolea kutoka nje na kuisambaza mikoani. Kazi yangu kubwa ilikuwa makadirio ya mauzo: robo ijayo tutauza tani ngapi, na tutaziuza wapi. Maswali hayo mawili yalikuwa na wateja tofauti ndani ya nyumba moja. Watu wa manunuzi walitaka namba ya taifa. Tangu 2017 mbolea za DAP na Urea zilikuwa zikiingia nchini kwa mfumo wa ununuzi wa pamoja chini ya TFRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti mbolea, na ukishatamka tani zako hapo huna nafasi kubwa ya kugeuka. Watu wa usafirishaji walitaka namba za kanda, kwa sababu wao ndio waliokodi malori na maghala ya Makambako, Mbeya, Arusha na Mwanza.

Ugomvi ulizuka kwenye Urea ya Januari hadi Machi, robo ambayo Nyanda za Juu Kusini hukuzia mahindi. Namba ya taifa niliipata kwa modeli iliyotazama mauzo yetu ya nchi nzima, miaka kadhaa nyuma: tani 12,600. Namba za kanda zilitoka kwa mameneja, kila mmoja akianza na modeli ya kanda yake kisha akiongeza anachokijua yeye. Nyanda za Juu Kusini 9,600, Kaskazini 2,400, Ziwa 1,200, Kati 800, Mashariki 600. Ukizijumlisha unapata 14,600. (Namba hizi nimezigeuzageuza kidogo, mwajiri wa zamani ni mwajiri, ila uwiano wake ndio ule.) Kulikuwa na tani 2,000 ambazo kanda zilikuwa zimezipigia hesabu na taifa halizijui.

Kutofautiana huko si ajabu. Ukikadiria kila ngazi peke yake, hakuna kitu kinachozilazimisha modeli zikubaliane. Mauzo ya kanda yana kelele nyingi: wakala mmoja akichelewa kulipa, mwezi mzima unayumba. Mauzo ya taifa ni tulivu zaidi, maana mayumbo ya kanda hulana yenyewe kwa yenyewe, lakini namba ya taifa haijui kwamba mvua zimewahi Njombe.

Kikaoni kila upande ulikuwa na dawa yake. Mkuu wa mauzo alitaka tujumlishe kanda na tuchukue 14,600 kama ilivyo. Mkuu wa fedha, mama mmoja makini ambaye sikuwahi kumwona akikokotoa bila kikokotozi cha mezani, alitaka 12,600 ibaki na kila kanda ikatwe karibu asilimia 14. "Tukate sawasawa, kusiwe na maneno," alisema.

Njia ya kwanza hujengwa kutoka chini kwenda juu, na ubaya wake ni kwamba inaitupa modeli ya taifa, ambayo mara nyingi ndiyo tulivu kuliko zote. Njia ya mama wa fedha ina ubaya wa pili: inaichukulia namba ya juu kuwa kweli tupu, kana kwamba mameneja watano hawajaleta habari yoyote kuhusu ukubwa wa msimu. Tena inamkata Mashariki asilimia ileile anayokatwa Nyanda za Juu Kusini, hata kama Mashariki hajawahi kukosea sana tangu aanze kukadiria. Mimi nilisema kitu kimoja tu: kabla ya kugawana hizo tani, tuangalie nani amekuwa akikosea, na kwa kiasi gani.

Kusema ni rahisi. Makadirio ya zamani hayakuwepo. Jedwali la Excel lilikuwa moja, na kila robo lilifutwa na kuandikwa upya juu yake, kwa hiyo mauzo halisi tulikuwa nayo lakini tulichokuwa tumekitabiri kimepotea. Niliokolewa na uvivu wa watu kufuta barua pepe. Nikachimba viambatisho vya nyuma, robo baada ya robo, nikaweka safu mbili kwa kila kanda: alisema nini, akauza nini. Ni kazi ya kuchosha, lakini upatanishi wote wa makadirio, yaani kuzifanya namba za kanda na ya taifa zikubaliane, unasimama juu ya safu hizo mbili. Bila kumbukumbu ya makosa hakuna uzito wa kumpa mtu. (Nilishaondoka pale ruzuku ya mbolea ya 2022/2023 ilipoanza. Nadhani siku ile safu zangu ziligeuka historia tu, maana mnunuzi alikuwa amebadilika.)

Jambo la kwanza lililojitokeza halikuhitaji hesabu yoyote. Meneja wa Nyanda za Juu Kusini alikuwa akizidisha karibu kila robo, na kwa wastani alizidisha tani 600. Nilimfuata kantini.

"Shikamoo mzee. Hizi namba zako mbona kila mara ziko juu?"

"Marahaba, kijana. Wewe umewahi kukaa Makambako Januari ghala halina mfuko hata mmoja? Wateja wanakuangalia tu, kisha wanavuka barabara kwa mshindani. Mimi namba yangu naiwekea akiba."

Nilimwelewa, lakini akiba ya ghala ina mahali pake, na makadirio yana mahali pake. Hesabu za upatanishi zinaanza na dhana kwamba makadirio unayoyaingiza hayaegemei upande mmoja. Yakiwa yanaegemea, upatanishi hautayanyoosha, utachukua huo upinde na kuwagawia wengine. Kwa hiyo hilo linaondolewa kwanza. Tulimshusha hadi 9,000, jumla ya kanda ikawa 14,000, na pengo likabaki tani 1,400.

Sasa pengo halisi. Njia nyepesi kuliko zote inazichukulia namba zote sita, tano za kanda na moja ya taifa, kuwa zinaaminika sawa. Pengo linagawanywa kwa sita: kila kanda inashuka tani 233, taifa linapanda 233, na jumla inakubaliana. Kihesabu ni safi. Lakini Mashariki, yenye tani 600, inabaki na 367, wakati Nyanda za Juu Kusini haisikii hata mwasho. Ni sawa na kuchangisha msiba ofisini kwa kumtoza mfagizi kiasi kilekile cha mkurugenzi.

Dawa ni kugawa pengo kwa kipeo cha pili cha kosa la kawaida la kila mmoja. Kwa mti wa ngazi mbili kama wetu, kila namba inabeba fungu hili:

```
fungu = w / (w_taifa + jumla ya w za kanda)
w     = (kosa la kawaida)^2
```

Baada ya kuondoa ile tabia ya kuzidisha, kosa la kawaida la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa tani 900, Kaskazini 250, Ziwa 200, Kati 150, Mashariki 100. La taifa lilikuwa 675. Ukiinua kila moja kwa kipeo cha pili na kujumlisha unapata kama 1,400,000, kwa hiyo pengo letu la tani 1,400 liligawanyika bila kuumiza kichwa. Nyanda za Juu Kusini 810,000, inashuka tani 810. Kaskazini inashuka 62 na nusu, Ziwa 40, Kati 22 na nusu, Mashariki 10. Taifa nalo, ambalo mama wa fedha alidhani haliguswi, linapanda tani 455. Pande zote mbili zikakutana kwenye 13,055.

Mama wa fedha alizijumlisha kanda mwenyewe kwenye kikokotozi chake, akarudia tena, kisha akauliza kwa nini Mashariki amekatwa tani 10 tu. Nikamfungulia safu mbili za Mashariki. Alizitazama mstari kwa mstari, hakuongeza neno.

Swali gumu zaidi lilitoka kwa yule mzee wa Nyanda za Juu Kusini. Alisema kuna mawakala wa Morogoro wanaokuja kupakia Makambako, na mwezi huo mauzo yanaandikwa kwake badala ya kuandikwa Mashariki. Kwa maneno mengine, makosa ya kanda mbili yanakwenda kinyume: mmoja akizidi, mwenzake anapungua, na taifa halihisi chochote. Alikuwa sahihi kabisa. Fungu nililoligawa lilichukulia kwamba kila kanda inakosea kivyake. Ipo njia inayozingatia jinsi makosa yanavyofuatana, ile ya Wickramasuriya, Athanasopoulos na Hyndman, ambayo makala yake ilitoka rasmi 2019, na kwenye R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ilikuwa tayari ndani ya kifurushi cha `hts` kwa jina `MinT`. Nilikuwa nimeijaribu. Shida ni kwamba kwa namba sita inahitaji ukadirie makosa sita na mahusiano kumi na tano kati yake, na barua pepe zangu zilikuwa na robo chache mno. Nilipoiacha iamini mahusiano yote kama yalivyo, ilimwongezea Mashariki tani kwenye pengo la kukata, dalili kwamba imeanza kusoma kelele kama habari. Nilipotumia toleo linaloyabana mahusiano yaelekee sifuri, majibu yalirudi karibu palepale nilipokuwa. Tukabaki na mafungu rahisi ambayo kila mtu kikaoni angeweza kuyahakiki kwa kalamu.

Robo ilipoisha tulikuwa tumeuza tani 12,850. Namba ya taifa ya awali ilikosea kwa 250, ya upatanishi kwa 205, kwa hiyo huko juu hatukupata cha kujivunia. Faida ilikuwa Nyanda za Juu Kusini: waliuza 7,950. Makadirio ya mzee yangetuacha na tani zaidi ya elfu moja zimelala Makambako zikila kodi ya ghala, hata baada ya kumwondolea akiba. Ya upatanishi yalizidi kwa 240.

Kaskazini waliuza 2,510. Meneja wao alinipigia kabla sijafungua ripoti.

"Mdogo wangu, mimi nilisema 2,400, ninyi mkanishusha. Sasa nani alikuwa karibu?"

"Wewe, kaka."

Sikuwa na namna ya kumzungusha. Upatanishi hauahidi kumsaidia kila mmoja kila robo. Unaahidi kwamba, ukizitazama robo nyingi pamoja, na kama mafungu yamekadiriwa vizuri, makosa yatapungua kwa wastani. Kwa robo moja kanda iliyokuwa sahihi inaweza kuvutwa na makosa ya wenzake, kama alivyovutwa yeye. Nikamweleza pia kwamba robo hii inaingia kwenye safu zake, kosa lake la kawaida litashuka, na fungu lake litapungua.

"Kwa hiyo nikiendelea hivi mtaacha kunigusa?"

"Tutakugusa kidogo zaidi kila mara."

Akasema basi nimtumie hizo safu zake mbili, azitunze mwenyewe, maana jedwali la makao makuu yeye haliamini tena.