Klasta tuliyoisahau

Leo asubuhi bili yetu ya wingu ilionyesha ongezeko ambalo hakuna aliyeweza kulieleza.

Seva hazikuwa zimeongezeka. Tulipoigawa bili kwa aina ya matumizi, ongezeko lote lilikuwa kwenye usafirishaji wa data kutoka kanda moja kwenda nyingine, bila lebo ya timu yoyote. Kumbukumbu za mtandao ndizo zilizotufikisha kwenye anwani ya klasta ya majaribio, ambayo mimi mwenyewe niliianzisha na kuiacha.

Niliandika amri moja:

```
kubectl get pods -A
```

Podi moja ilikuwa katika hali ya `CrashLoopBackOff`, na chini ya `RESTARTS` palisomeka 2640.

Nimeitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Kila ilipowaka, podi ilipakua GB 5 za data ya majaribio kutoka kanda nyingine kwa takriban dakika moja, kisha ikaanguka kwa sababu nywila ya hifadhidata ilikuwa imekwisha muda, ikasubiri dakika 5 na kuanza upya. Hiyo ni mara 240 kwa siku, yaani GB 1,200, kwa siku 11. Grafu za kichakataji zilikuwa tulivu, kwa kuwa muda mwingi podi ilikuwa ikisubiri tu.

Nimeizima, lakini bado naumia.

Wenzangu, ninyi mmeweka tahadhari gani kwenye data inayotoka, mbali na zile za seva?