Kumbukumbu ya mradi wa milinganyo ya vipeo: swali la 2 na 3 limekubali

Hatimaye limekaa. Swali lililonikwamisha katika mkusanyo wangu wa maswali ya vipeo ni hili:

2^(8x − 1) = 3^(5x + 1)

Ukilitazama halitishi. Besi ni 2 na 3, na hakuna namna ya kuzifananisha, kwa kuwa 2 ukiipandisha kipeo chochote kamili cha chanya inabaki shufwa, na 3 inabaki witiri. Kwa hiyo unachukua logi pande zote mbili, unashusha vipeo, unafungua mabano, unakusanya x upande mmoja:

(8x − 1) log 2 = (5x + 1) log 3

x (8 log 2 − 5 log 3) = log 3 + log 2

x = log 6 ÷ (8 log 2 − 5 log 3)

Mpaka hapo hakuna jipya kwa yeyote anayefuatilia mradi huu. Kazi ilianza nilipofungua jedwali la logi la tarakimu nne. Nilishajiwekea sharti tangu mwanzo kwamba kila swali linaloingia kwenye mkusanyo lazima litatuliwe kwa jedwali kwanza, kisha kompyuta ithibitishe. Jedwali linasema log 2 ni 0.3010, log 3 ni 0.4771, log 6 ni 0.7782. Asili ya sehemu inakuwa 2.4080 − 2.3855, yaani 0.0225. Gawanya: x = 34.59.

Kompyuta ikasema 34.38.

Tofauti ya 0.2 si ya kufumbia macho. Maswali yote ya nyuma yalikuwa yakikubaliana mpaka tarakimu ya tatu, mengine mpaka ya nne. Nikarudia hesabu kwa karatasi, nikahakikisha ishara zote, nikasoma upya safu ya tofauti pembeni mwa jedwali. Jibu lilelile.

Kilichonitoa jasho zaidi ni hakiki. Kawaida yangu ni kurudisha x kwenye mlinganyo wa logi na kuona kama pande mbili zinalingana. Nikaweka x = 34.587. Kushoto, 8x − 1 ni 275.696, zidisha kwa 0.3010 unapata 82.9845. Kulia, 5x + 1 ni 173.935, zidisha kwa 0.4771 unapata 82.9844. Zimelingana! Mwenzangu ninayebadilishana naye maswali akaniandikia, "Kaka, hakiki imekubali, unatafuta nini tena?" Nilitafuta kwa sababu 34.38 nayo ilikuwa inakubali kwenye kompyuta, na x hapa ina jibu moja tu.

Jibu la fumbo hili lipo ndani ya hakiki yenyewe. Nilikuwa nakagua jibu kwa zilezile logi zilizolizaa. Kama 0.3010 na 0.4771 zimenipeleka pembeni, haziwezi tena kuniambia kwamba niko pembeni. Zitaendelea kukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Nilipoweka x hiyohiyo na logi za desimali saba (0.3010300 na 0.4771213), kushoto kukawa 82.9928 na kulia 82.9881. Tofauti ni 0.0047. Kwenye logi inaonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba upande wa kushoto unauzidi wa kulia kwa takriban asilimia moja. Kwa x = 34.38 pande zote zinatoka 82.4943.

Sasa, kosa limetoka wapi hasa? Kiasi cha sehemu hakina shida: log 6 imekadiriwa kwenye desimali ya nne, na mbele ya 0.78 ukadiriaji huo haufui dafu. Shida yote iko kwenye asili. Kila logi ya jedwali inaweza kuwa imepunguka au kuzidi kwa 0.00005. Ukizidisha log 2 kwa 8, nafasi hiyo ya kosa inapanuka mpaka 0.0004. Log 3 mara 5 inaongeza 0.00025. Jumla ni 0.00065. Mbele ya 2.4 hiyo si kitu. Lakini ukishatoa 2.3855 kwenye 2.4080 kinachobaki ni 0.0225, na kosa lako halikupungua hata kidogo wakati wa kutoa. Ni sawa na kupima pakiti ya majani ya chai kwenye mizani ya malori: unalipima lori likiwa na pakiti, unalipima bila pakiti, halafu unatoa.

Ukifuata nafasi hiyo ya kosa, asili inaweza kuwa popote kati ya 0.02185 na 0.02315. Kwa hiyo x iko mahali fulani kati ya 33.6 na 35.6. Hilo ndilo jibu halali ambalo jedwali lingeweza kunipa kwa njia niliyoitumia. Kuandika 34.59 kulikuwa kujigamba kwa tarakimu ambazo hazikuwepo.

Kwanini maswali ya nyuma hayakunisumbua? Nimeyarudia na sababu iko wazi. Chukua 5^(x + 2) = 3^(2x + 3). Asili ni log 5 − 2 log 3, yaani 0.6990 − 0.9542 = −0.2552. Kosa linaloweza kuingia pale ni 0.00015, na mbele ya robo nzima halionekani. Kwenye swali langu korofi, 2^8 ni 256 na 3^5 ni 243. Namba mbili zimekaribiana sana, logi zake nazo zimekaribiana, na tofauti yake imebaki chembe. Kwa hiyo cha kutazama kabla ya kugawanya ni ukubwa wa asili: ukiona tarakimu za mwanzo za logi mbili zinafutana, ujue jibu lako limepoteza tarakimu kama hizohizo.

Dawa niliyoipata haihitaji jedwali kubwa zaidi. Nayapenda majedwali makubwa; Henry Briggs alichapisha ya desimali 14 mwaka 1624 na ningelala nalo kitandani. Lakini hapa yatosha kubadili mpangilio wa kazi: usitoe logi, gawanya namba kwanza.

8 log 2 − 5 log 3 = log (256 ÷ 243)

256 ÷ 243 kwa mkono inatoka 1.0535. Log yake kwenye jedwali ni 0.0226. Kosa sasa ni lile la usomaji mmoja tu, 0.00005, wala halijazidishwa na kitu. 0.7782 ÷ 0.0226 = 34.43, na ukifuata nafasi ya kosa x inakaa kati ya 34.36 na 34.51. Jibu la kweli limo humo. Kutoka upana wa vizio viwili mpaka upana wa 0.15, kwa jedwali lilelile la kurasa chache! Nilisimama nikazunguka chumba.

Kinachoniudhi ni kwamba njia tunayofundishwa inakazania kushusha kipeo mara moja, kama vile kipeo kikibaki juu kitauma. Kushusha ni lazima kwa vipeo vyenye x. Vile vya namba tupu, kama 8 na 5 hapa, vinaweza kurudishwa juu na kuliwa kama mgawanyo kabla hujagusa jedwali.

Neno kuhusu vifaa. Kwa kuthibitisha nimebaki na Python, kikao kifupi hiki:

```python
from math import log10

def tafuta(a, p, q, b, r, s):
    # a^(p x + q) = b^(r x + s)
    if a**p == b**r:
        return None
    juu = s*log10(b) - q*log10(a)
    chini = p*log10(a) - r*log10(b)
    return juu / chini

print(tafuta(2, 8, -1, 3, 5, 1))
```

Inachapisha 34.38 na mkia wake. Mstari wa `a**p == b**r` uko pale kwa makusudi: kama vipeo hivyo vinalingana kabisa, mfano 4 na 2^2, asili ni sifuri, na x inafutika. Nalinganisha namba kamili badala ya logi, kwa sababu logi za kompyuta nazo zimekadiriwa, na zinaweza kuacha mabaki madogo mahali palipotakiwa sifuri. Ukigawanya kwa mabaki hayo unapata x kubwa ya kutisha isiyo na maana yoyote.

Lahajedwali nalo lina kazi moja ambayo kwayo linaipiku Python, nayo ni kuigiza jedwali la karatasi. Unaandika `=ROUND(LOG10(A2),4)` na safu nzima inakuwa jedwali la tarakimu nne. Badili 4 iwe 5 au 7 uone x inavyotembea. Ikitembea sana, asili yako ni chembe. Angalia tu usichanganye: `LOG` ya lahajedwali ni ya besi 10, `log` ya Python ni ya besi e. Besi yoyote inafaa kwa kazi hii mradi iwe ileile juu na chini ya sehemu. Vikokotoo vya mfukoni sina ugomvi navyo, ila vinaficha tatizo hili kwa kuwa vinabeba tarakimu nyingi kimyakimya.

Mpango ulikuwa nihamie kwenye grafu, nichore pande mbili za kila mlinganyo nionyeshe zinapokatana. Nimeuweka kando. Swali lililoniteka sasa ni hili: vipeo vya 2 na 3 vinaweza kukaribiana kiasi gani, na jedwali litaharibika kiasi gani?

2^19 ni 524288 na 3^12 ni 531441. Kwa kutoa logi, jedwali linasema tofauti ni 0.0062; ukweli ni 0.0059. Bado linajitahidi. Kisha nikajaribu 2^485 na 3^306. Kwa jedwali, 485 × 0.3010 ni 145.9850 na 306 × 0.4771 ni 145.9926, kwa hiyo kipeo cha 3 ndicho kikubwa. Kompyuta inasema 145.99955 kwa 2 na 145.99910 kwa 3. Kipeo cha 2 ndicho kikubwa! Jedwali limegeuza ishara. Mlinganyo wenye asili hii ungetoa x yenye ishara iliyogeuka, na hakiki ya jedwali ingesema sawa.

Kugawanya kwanza hapa si mchezo, maana ni namba za tarakimu 146. Lakini 485 ni 65 + 5 × 84, na 306 ni 41 + 5 × 53, kwa hiyo mgawanyo mkubwa unavunjika kuwa 2^65 ÷ 3^41 mara 2^84 ÷ 3^53 iliyopandishwa kipeo cha tano, na kila kipande kiko karibu sana na 1. Vipande hivyo ndivyo ninavyovikokotoa sasa kwa mkono, desimali sita kila kimoja.