Tisini na tisa kidoleni

Ilikuwa Julai 2013, baridi ile ya Arusha ambayo ukungu wa Meru hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nilikuwa afisa tabibu wa mwaka wa kwanza, zamu ya usiku, katika kituo cha afya ambacho wodi yake ilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni. Saa kumi na moja alfajiri bajaji ikasimama mlangoni. Jirani mmoja alishuka amemshika mama wa miaka thelathini na kitu, na nyuma yao akaja mdogo wake wa kike akitembea mwenyewe, mkono kwenye paji la uso.

"Dokta, nadhani ni maharage ya jana," jirani alisema.

Mama alikuwa ametapika mara tatu njiani. Alisema kichwa kinapasuka. Nilipomwuliza huyu aliyekuja naye ni nani, alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la mama yao. Joto la mwili 36.2. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa sawa. Alikuwa anahema haraka, nikamvalisha barakoa ya oksijeni, kisha nikambana kidole na oksimita, kile kifaa kinachokisia asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mapigo 122, oksijeni 99.

Dakika ishirini baadaye akaletwa mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Oksimita yake ilisoma 84. Sikusita. Nilimvua yule mama barakoa, nikausogeza mtungi kwa mtoto. Mtu mwenye 99, nilijiambia, oksijeni ya nini? Nikaandika kwenye faili: sumu ya chakula, dripu, aangaliwe.

Mganga mfawidhi aliingia saa moja kasoro. Alisoma faili amesimama, akamtazama mama aliyekuwa amelala macho nusu wazi, kisha akamgeukia jirani.

"Walilala wangapi chumbani?"

"Wawili. Huyu mdogo alirudi kazini saa nane usiku, ndiyo akaingia kulala."

"Na wote wanaumwa. Jiko lilikuwa wapi?"

Jirani alinyamaza kidogo. "Ndani, mzee. Baridi. Lakini mkaa ulikuwa umeshashika vizuri, hauna moshi hata kidogo. Na dirishani walikuwa wameziba na khanga."

"Kijana," mfawidhi aliniambia, "mrudishie huyu oksijeni sasa hivi."

Nilimwonyesha oksimita. Tisini na tisa, mzee. Aliichukua, akaifungua kama kibanio cha nguo, akanielekezea ndani. Upande mmoja taa nyekundu ilikuwa inawaka. Akasema pembeni yake ipo nyingine isiyoonekana kwa macho, ya infraredi. Damu iliyobeba oksijeni huipitisha ile nyekundu kirahisi, damu isiyobeba huimeza. Kifaa kinalinganisha taa hizo mbili na kukisia asilimia. Kimetengenezwa kikijua aina mbili tu za damu: yenye oksijeni na isiyo nayo. Kaboni monoksidi, ile gesi ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, ikishaikamata himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huifanya iwe nyekundu vilevile, na mbele ya taa ile inafanana karibu kabisa na damu yenye oksijeni. "Kwa hiyo hapa," alisema akigusa ile 99, "kinahesabu na himoglobini zilizokamatwa na sumu. Hakijui."

Kilicho na uwezo wa kutofautisha ni mashine ya maabara inayoipiga damu kwa mianga mingi zaidi ya miwili. Hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni watu wawili wa chumba kimoja wanaoumwa pamoja, bila homa, na yule aliyeingia chumbani saa nane akiwa na nafuu kuliko aliyelala tangu jioni. Mfawidhi alisema huo ni ushahidi wa kutosha kuanza tiba, na mpaka leo naamini hivyo.

Bado kitu kimoja kilinisumbua, nikamwuliza wakati tunahangaika na mitungi. Kila wiki tulipokea wajawazito wenye damu ya 6, nusu ya inayotakiwa, na wanakuja kliniki kwa miguu. Huyu mama hata kama nusu ya damu yake imekamatwa, si nusu nyingine ipo?

Alisimama kujibu, na jibu lake ndilo lililonikaa. Himoglobini moja ina sehemu nne za kubebea, kila moja na chembe yake ya chuma, na kaboni monoksidi huishika chuma hiyo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ndiyo maana gesi kidogo tu chumbani, ikivutwa usiku kucha, inatosha. Lakini ubaya hauishii kwenye sehemu iliyotekwa. Himoglobini ikishikwa sehemu moja hubadilika umbo, na zile nyingine zenye oksijeni huing'ang'ania, hazitaki kuiachia ifikapo kwenye ubongo na moyo. Mjamzito mwenye damu ya 6 anayo kidogo, lakini inayotoa. Huyu mama hata aliyobaki nayo haitoi.

Mtoto wa nimonia hakuachwa. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ililetwa kutoka wodi ya wazazi, ile yenye lita 10 na midomo miwili. Mtoto alitosheka na lita 2 kwa mrija wa puani, akapanda mpaka 94, na zilizobaki akapewa mdogo wa mama kwa barakoa. Mtungi ukarudi kwa mama, safari hii kwa barakoa yenye mfuko. Mfawidhi alifungua lita 15, akauziba mdomo wa mfuko kwa kidole gumba mpaka ukajaa, ndipo akamvalisha, akakaza kamba. "Mfuko ukinywea anapovuta, ongeza," alisema. "Tunataka avute oksijeni tupu, si oksijeni na hewa ya wodini."

Sababu ni hesabu. Kwa hewa ya kawaida, sumu iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni tupu, wingi wake huanza kuisukuma itoke kwenye chuma, na nusu hiyo huondoka kwa saa moja hadi moja na nusu hivi. Tuseme alifika na asilimia 30: kwa barakoa, ndani ya saa nne anakaribia 5. Kwa dripu yangu na hewa ya dirishani, wakati huohuo angekuwa bado kwenye 15 au zaidi. Vipo vyumba maalumu vya shinikizo vinavyoharakisha zaidi, ila kwetu vilikuwa vitu vya vitabuni.

Mtungi mkubwa ukijaa una takriban lita 6,800. Wetu ulikuwa nusu. Uliisha saa tano kasoro robo, tukamhamishia kwenye konsentreta. Oksimita ilisoma 99 asubuhi nzima, ileile, na sikuitazama tena. Nilimtazama yeye. Saa tatu aliuliza yuko wapi. Saa nne alimwita mdogo wake kwa jina lake, na yule binti akaanza kulia. Mchana tulimwinua atembee kisigino kikigusa vidole, akaenda hatua kumi bila kuyumba.

Hatukumalizia hapo, kwa sababu sumu hii inaweza kurudi kuuma baada ya siku au wiki kadhaa, mtu akasahau mambo au akabadilika tabia wakati damu yake ni safi kabisa. Alirudi baada ya wiki tatu, kama alivyoelekezwa. Alikuwa muuza ndizi soko la Kilombero, kwa hiyo nilimwomba anitajie wateja anaowadai. Alitaja saba, kila mmoja na deni lake, bila kufungua daftari. Kisha akalifungua, tukapitia pamoja mstari kwa mstari, na hakukosea hata mmoja.