Mstari Usiojua Kushuka

Leo nimeshinda na tarakimu za zamani za mauzo ya iPhone. Kilichonirudisha huko ni grafu tuliyoletewa kazini wiki hii, ya watu waliosajiliwa tangu mradi uanze. Mstari ulipanda vizuri na wengi waliridhika. Mimi nilitaka kujua mwezi uliopita wamesajiliwa wangapi, na grafu ile haikuwa na jibu.

Septemba 2013 Tim Cook, mkuu wa Apple, alionyesha jukwaani grafu ya iPhone zote zilizouzwa tangu 2007. Mstari ulipanda moja kwa moja, na haukuwa na namna nyingine. Simu ikishauzwa haitoki tena kwenye jumla. Robo mwaka mbaya huongeza kidogo, nzuri huongeza sana, na hata kama isingeuzwa simu moja, mstari ungelala tu, usingeshuka.

Nimejumlisha mwenyewe kutoka ripoti za kampuni. Hadi mwisho wa Septemba 2012 zilikuwa zimeuzwa simu milioni 271.1. Kufikia Desemba jumla ilikuwa milioni 318.9, Machi 2013 ikawa 356.3, na Juni 387.5. Ukizisoma hivyo huoni ila kupanda. Jumla zikiwa kwenye safu ya C ya lahajedwali, fomula moja inatosha kuzifumbua:

```
=C3-C2
```

Ukiishusha hadi chini unapata 47.8, kisha 37.4, kisha 31.2. Mauzo ya robo mwaka yameanguka kwa zaidi ya theluthi ndani ya miezi sita.

Anguko hilo limo hata kwenye grafu ya jumla, ila limegeuka kuwa mwinuko uliopungua kidogo. Macho yetu hupima urefu kwa urahisi: nguzo fupi kando ya nguzo ndefu, mtoto anaiona. Kupima mwinuko wa mstari ni kazi nyingine, na inazidi kuwa ngumu jumla inavyokua, kwa sababu kipimo cha pembeni lazima kinyooshwe hadi kifike 400, na tofauti ya milioni 10 au 17 inabaki kama kukunjika kwa unywele. Grafu ile ya jukwaani hata namba za pembeni haikuwa nazo.

Lakini nisiwaonee. Robo ya Oktoba hadi Desemba ndiyo yenye msimu wa sikukuu na simu mpya, kwa hiyo mauzo hupungua baada yake karibu kila mwaka. Kipimo cha haki ni robo ileile ya mwaka uliotangulia, ambayo ilikuwa na milioni 37.0, 35.1 na 26.0. Ukilinganisha hivyo, ukuaji ni asilimia 29, halafu 7, halafu 20. Biashara ilikuwa bado inakua, na kilichopungua kwelikweli ni kasi, hasa robo ile ya katikati. Hapo ndipo ninapouona uzito wa jambo hili: mstari wa jumla uliificha habari mbaya, na ukaificha pia habari nzuri ya kwamba robo ya tatu ilijikongoja ikainuka.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Julai 2016. Tarehe 26 Apple ilitoa ripoti ya robo: iPhone milioni 40.4, wakati mwaka mmoja nyuma robo kama hiyo ilikuwa na milioni 47.5. Kesho yake, tarehe 27, ikatangaza kwamba iPhone ya bilioni moja imeuzwa. Habari zote mbili ni za kweli. Aliyechora jumla aliona kilele kipya wiki ileile ambayo aliyechora robo kwa robo alikuwa anatazama mauzo yakishuka, na mwaka wao wa hesabu wa 2016 ulifungwa kwa milioni 211.9 kutoka 231.2.

Mstari wa kila kipindi nao una mtego wake. Kipindi cha mwisho kikiwa hakijaisha, au ripoti zimechelewa kufika, mstari unadondoka ghafla na watu wanashtuka bure. Mimi hukiacha nje hadi kikamilike. Idadi zikiwa ndogo, mstari unarukaruka wiki hadi wiki, na wastani wa wiki nne husaidia kuutuliza.

Jumla naitumia pale lengo lenyewe linapokuwa jumla, kama bajeti ya mwaka au vyandarua vya kugawa kabla ya masika. Hapo nachora mstari wa pili, wa mahali tulipopaswa kuwa kila mwezi, na ninachokitazama ni nafasi kati ya mistari hiyo miwili. Nafasi hiyo hupanuka kazi inapolegea, hata kama yote miwili inapanda.