Nilivyomtoa mlaghai aliyekuwa akiiendesha simu ya shangazi

Siku nilipomkuta shangazi akizungumza na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa benki, jambo lililotuokoa ni kujua kwamba kukata simu hakumtoi mtu aliyekwisha kuunganishwa na kifaa. Maongezi yalikuwa yakipita njia moja na udhibiti wa skrini ukipita njia nyingine, kwenye intaneti, kwa hiyo hata shangazi angekata, kazi ya yule bwana ingeendelea.

"Shangazi, amekwambia upakue chochote?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mwanangu, programu ya ulinzi. Nimemsomea zile namba tisa zilizotokea, akasema nisiiguse simu mpaka amalize kusafisha mfumo."

Mezani, programu ya benki ilikuwa wazi na kurasa zilikuwa zinabadilika bila kidole cha mtu. Nilimwona mlaghai akipandisha kikomo cha kutuma pesa kwa siku, kisha akafungua ukurasa wa kuongeza mpokeaji mpya. Namba ya siri ilikuwa imekwisha kuingizwa na shangazi mwenyewe, kwa maelekezo ya mlaghai.

Nilivuta chini menyu ya juu nikawasha hali ya ndegeni, kisha nikaangalia alama ya Wi-Fi, kwa kuwa baadhi ya simu huiacha ikiwa hai hata katika hali hiyo. Ilikuwa bado inawaka, nikaizima, na skrini ikatulia. Kama simu ingekataa kunitii, ningebonyeza kitufe cha kuzimia mpaka izimike kabisa.

Shangazi alitaka tuifute ile programu papo hapo. Nilimwomba asubiri, kwa sababu kuifuta hakuondoi mpokeaji aliyekwisha kuongezwa wala hakusimamishi muamala uliokwisha kuanzishwa, na kunaweza kupoteza kumbukumbu ya anwani ya kifaa kilichounganishwa. Niliipiga picha kumbukumbu hiyo kwa simu yangu, kisha kwa simu hiyo hiyo tukapiga namba iliyo nyuma ya kadi yake ya benki. Namba iliyompigia shangazi hatukuijali, maana namba inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa.

Kwa mhudumu wa benki shangazi hakusema tu kwamba ametapeliwa. Alieleza kwamba mtu alikuwa anaendesha programu yake kutoka mbali, akaomba huduma ya benki kwa simu ifungwe, vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti viondolewe, kikomo kirudishwe na mpokeaji mpya afutwe. Kulikuwa na muamala mmoja uliokuwa bado unasubiri kuthibitishwa, nao ukazuiwa. Tuliandika namba ya taarifa na saa ya maongezi, kwa kuwa ubishi ukitokea baadaye, saa ambayo mteja alitoa taarifa huwa na uzito mkubwa.

Hapo ndipo tulipoigeukia simu. Programu yenyewe ilikuwa ya aina ya AnyDesk na TeamViewer, ambazo ni halali na mafundi huzitumia kila siku kuendesha vifaa kutoka mbali, na ndiyo sababu simu haikutoa onyo lolote la virusi. Zile namba tisa ni anwani tu. Mlango hufunguliwa na ruhusa anazotoa mwenye simu. Kwenye simu za Android ruhusa ya kuonyesha skrini humwezesha mgeni kutazama, pamoja na kusoma namba za uthibitisho zinazoingia kwa ujumbe, lakini ili abonyeze mwenyewe anahitaji kwa kawaida ruhusa nyingine iliyo ndani ya Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, ambayo imewekwa kuwasaidia watumiaji wenye ulemavu. Shangazi alikuwa ameziwasha zote mbili. Kwenye iPhone programu hizi huishia kwenye kutazama, kwa hiyo mlaghai humwelekeza mteja abonyeze yeye, jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni baya zaidi, kwani muamala huonekana kuwa umefanywa na mwenye akaunti kwa hiari yake.

Nilizima kwanza ruhusa ya Ufikivu, nikakagua orodha ya programu zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa, ndipo nikaifuta programu ile. Mpangilio huo una sababu: programu hasidi yenye ruhusa ya Ufikivu inaweza kuufunga ukurasa wa kuifuta kila unapoufungua, na hapo hulazimu kuiwasha simu katika hali salama, ambamo programu zilizopakuliwa hazifanyi kazi. Hii haikufanya hivyo. Hata hivyo nilipendekeza tuirudishe simu katika hali ya kiwandani baada ya kuhifadhi picha na namba za watu, maana sikuweza kujua ni nini kingine kilichowekwa wakati shangazi hatazami.

Nywila ya barua pepe na namba ya siri ya benki tulizibadilisha kupitia kifaa kingine, tukianza na barua pepe kwa kuwa ndiyo inayopokea viungo vya kubadilishia nywila nyingine. Simu ilipowashwa tena tulipiga *#21# kuona kama kuna mahali simu zake zinakoelekezwa. Hapakuwa na kitu. Huduma ya benki ilifunguliwa baada ya shangazi kwenda tawini na kitambulisho, na alipoulizwa kikomo anachotaka, alichagua cha chini kabisa.