Kalimba iliyorudi na sauti zilizopangwa "sawasawa"

Mpwa wangu hapa Wete alizing'oa ndimi zote 17 za chuma za kalimba yangu, ala ipigwayo kwa magumba, azisafishe kutu, kisha akazirudisha kama funguo za kinanda: ndefu kushoto, fupi kulia. Kila nyimbo ikanishinda. Gumba la kushoto likawa linakimbia peke yake, la kulia limekaa tu.

Nikazichomoa tena, nikazilaza mkekani kwa urefu. Ndefu kuliko zote, do ya chini, ikaingia katikati. Re kushoto kwake, mi kulia, fa kushoto, so kulia, hivyo hivyo hadi pembeni. Ukipanda ngazi, magumba hupokezana. Moja likipiga, jingine linajiweka tayari. Tena do, mi, so zimekaa jirani: telezesha gumba la kulia mara moja, zinalia pamoja. (Adha yake: do ya pili iko kushoto, ya tatu kulia.)

Mwisho kurekebisha. Ulimi wa katikati, programu ya kupima sauti kwenye simu ilisoma B3, yaani si iliyo chini ya do, nami nataka C4, do yenyewe. Nikaugonga kidogo uingie ndani. Ukifupika, sauti hupanda. Nikazidisha, ikabidi niuvute nje.